Kiwanja cha Moshi: kukiacha kwenye bei ya kununulia au kukipandisha thamani?

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Kiwanja kilinunuliwa kwa milioni 40. Leo mthamini aliyesajiliwa anasema milioni 300.

Kukiacha kwenye gharama ni rahisi. Mizania inaendelea kusoma milioni 40, hakuna ada ya mthamini kila baada ya miaka michache. Ubaya wake ni kwamba benki ikiangalia mtaji wa wamiliki inaona kampuni ndogo kuliko ilivyo.

Ukikipandisha chini ya IAS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali za kudumu, ongezeko ni milioni 260, lakini usiliingize lote kwenye mtaji. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, milioni 78 ni kodi iliyoahirishwa, yaani deni la kodi ya baadaye kiwanja kikiuzwa. Milioni 182 ndizo zinazokwenda kwenye akiba ya uthamini ndani ya mtaji. Hazipiti kwenye faida ya mwaka, na si fedha za kugawa gawio, maana hakuna shilingi iliyoingia. Bei ikishuka baadaye, unakata akiba hiyo kwanza. Ikiisha ndipo hasara inagonga faida.

Tena huruhusiwi kuchagua kiwanja kimoja tu: ukipandisha cha Moshi na una kingine Arusha cha matumizi hayohayo, vyote vinathaminiwa.

Kama hukopi wala hutafuti mbia, mimi ningekiacha kwenye gharama na kuandika thamani ya soko kwenye maelezo ya hesabu.