Skatingi za vigae: ipi ununue kwanza, na vipande vingapi vitatosha sebule

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Tabora mjini ukaulizia skatingi, swali la kwanza la muuzaji ni "Mita ngapi?" Wengi hujibu kwa kuzungusha tepu chumba kizima. Jibu hilo halikosi sana kwa jumla, ila linakosea milangoni na kwenye kona, na hapo ndipo mtu anapojikuta amepungukiwa vipande vitatu wakati loti ile imeshaisha dukani.

Tuanze na vipimo, maana chaguo lenyewe linategemea idadi. Chukua sebule ya nyumba ya kawaida ya Isevya, mita 4.8 kwa 3.9. Mzunguko wake ni mita 17.4. Ina mlango mkubwa, mlango wa koridoni na uwazi wa kuingilia dining usio na fremu. Milango hupunguzwa kwa upana wa fremu nje kwa nje, si upana wa ubao wa mlango, kwa sababu skatingi inaishia pale fremu inapoanzia. Kama fremu imepigiwa mbao za urembo pembeni, pima mpaka mwisho wa mbao hizo. Hapa mlango mkubwa unachukua mita 1.0, wa koridoni 0.9, uwazi wa dining 1.5. Toa 3.4, zinabaki 14.0.

Sasa rudisha ambavyo watu husahau. Uwazi usio na fremu una unene wa ukuta unaoonekana pande zote mbili, na skatingi lazima igeuke iingie humo. Tofali la inchi 6 pamoja na plasta mbili hutoa kama sentimita 18, kwa hiyo pande mbili ni 0.36. Ukuta mmoja una nguzo ya zege iliyochomoza sentimita 10. Mbavu zake mbili zinaongeza 0.20. Jumla sasa ni mita 14.56. Dining nayo ikiwekwa vigae, ule unene wa ukuta uhesabu mara moja tu, kwenye chumba kimoja.

Ukigawa 14.56 kwa kipande cha sentimita 40 unapata 37. Usinunue 37. Kigae hakikatwi kwa jumla ya chumba, kinakatwa ukuta kwa ukuta. Kipande cha ukuta chenye mita 2.6 kinataka vipande sita na nusu, yaani saba, na ile nusu iliyobaki haina uhakika wa kupata kazi kwingine. Nikipitia sebule hii kipande kwa kipande, kutoka kona hadi fremu na kutoka fremu hadi kona, na kila mahali nikipandisha kwenda namba nzima, nafika 40. Fundi akitaka viungo vya skatingi vilingane na viungo vya sakafu, kila ukuta unaweza kukatwa ncha zote mbili, na idadi inapanda tena. Kwa hiyo kubalianeni naye juu ya hilo kabla ya kwenda dukani.

Kona nazo hazifanani. Kona za ndani, zile nne za chumba na mbili za ubavuni mwa nguzo, hazili kitu: kipande kimoja kinagonga ukuta, kingine kinagota juu yake. Kona za nje ndizo zinazokula. Tunazo sita, mbili za nguzo na nne za uwazi wa dining. Zikikatwa kwa nyuzi 45, ncha ya kigae inabaki nyembamba na hubanduka chini ya diski ya grenda. Mimi huongeza kipande kimoja kwa kila kona mbili za nje, yaani vitatu, na viwili vya kuweka stoo kwa ajili ya matengenezo. Jumla 45.

Sasa chaguo, kwa mpangilio wangu.

La kwanza ni skatingi iliyokatwa kutoka kigae kilekile cha sakafu. Rangi inalingana bila kubahatisha, alimradi maboksi yote yawe na namba moja ya loti. Kigae cha 40 kwa 40 kikikatwa mara nne kinatoa vipande vinne vya karibu sentimita 10. Diski inakula milimita chache, basi vyote vipangwe urefu mmoja. Fundi atakwambia, "Bosi, vigae kumi na mbili vinatosha, nne mara kumi na mbili ni arobaini na nane." Hesabu yake ni sahihi, ila mwangalie ukingo. Katika vipande vile vinne, viwili tu vya pembeni vina ukingo wa kiwandani, ule laini wenye rangi mpaka mwisho. Vile viwili vya katikati vimekatwa juu na chini, na udongo wa ndani ya kigae utaonekana kwa juu, utashika vumbi na kuwa mweusi kila ukipiga deki.

Una njia mbili. Ama unatumia vipande vya pembeni tu, ukingo wa kiwandani ukitazama juu, na hapo unahitaji vigae 23, karibu maboksi mawili kama boksi lina vigae 12. Ama unatumia vyote vinne na kufunika ukingo wa juu kwa trimu. Njia ya kwanza inapoteza kidogo kuliko inavyoonekana, kwani bamba la katikati la 20 kwa 40 lina ukingo mzuri kwenye ncha zake fupi. Humo unapata vipande viwili vya sentimita 20 vinavyofaa mbavu za nguzo na unene wa ukuta.

La pili ni skatingi ya kiwandani, yenye mgongo wa mviringo kwa juu. Ni safi na inaokoa muda wa fundi. Naiweka ya pili kwa sababu ile inayofanana kabisa na sakafu yako ni adimu kuikuta dukani, na inayokaribia kufanana inaonekana vibaya kuliko iliyo tofauti wazi. Ukiichagua, nenda na rangi ya kukoza, kahawia au nyeusi. Pima urefu wa kipande chenyewe. Vipo vya 30, 40 na 60, na hesabu ya 45 hapo juu inabadilika.

Kwa zote mbili, trimu ya kona za nje inastahili pesa yake. Kona sita zenye kimo cha sentimita 10 ni sentimita 60 tu, hivyo fimbo moja ya mita 2.4 inatosha na kubaki, na huhitaji tena kukata nyuzi 45. Kina cha trimu kiwe sawa na unene wa kigae au kizidi kidogo. Kikipungua, kigae kitachomoza na kukwaruza. Inunuliwe mapema, kwa sababu bawa lake hulala ndani ya gundi nyuma ya kigae na haliwezi kuingizwa kazi ikishakauka.

La tatu ni plastiki. Inafaa chumba cha kupangisha chenye ukuta ulionyooka; ukuta wenye mawimbi huacha nyufa nyuma yake. Mbao na emdiefu ni za mwisho: mbao ina mchwa wa kuihangaikia, na emdiefu huvimba kwa maji ya deki.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anapokea boksi ambalo halijafunguliwa, na aandike hilo kwenye risiti.