Uzoefu wangu: L298N, TB6612FNG na DRV8833 kwenye kigari cha ESP32 kilichokuwa kinajirestati mota zikiwaka

Niseme mapema kabisa, kwa kigari kidogo cha mota mbili na betri mbili za 18650, draiva niliyobaki nayo ni DRV8833, tena si bodi yoyote ya DRV8833, ni ile yenye rezista za kupima karenti. Hizo nyingine mbili nimezitumia kwenye kigari hichohicho, betri zilezile, mota zilezile, na ninachotaka kueleza ni kwa nini ile ya kisasa zaidi ya TB6612FNG ilifanya ESP32 ijirestati zaidi kuliko hata L298N ya zamani, maana watu wengi wanaambiwa "tupa L298N nunua TB6612" halafu wanashangaa tatizo limezidi.

Kwanza vifaa. Betri mbili kwa mfululizo, yaani kama volti 7.4 chaji ikiwa katikati. ESP32 inapata volti 5 kutoka kishusha volti cha LM2596, halafu ndani ya bodi ya ESP32 kuna AMS1117 inayoshusha hadi 3.3. Mota ni zile za giaboksi, nimepima waya zake kwa multimita zikiwa zimesimama (zungusha shafti kidogo upime tena, chukua namba ndogo), kila moja ina kama om 3. Hiyo namba ndiyo ya muhimu kuliko maelezo yote ya muuzaji, sababu mota ikiwa imesimama ni waya tu, karenti yake ni volti gawanya kwa om. Pale mwanzo wa kuwaka haijui kama iko huru au imeshikwa na ukuta.

Namba ya pili ni ya betri, na hii watu wanairuka. Betri, kishikio chake chenye spring, swichi na waya nyembamba, vyote vina ukinzani. Mimi nilipima kwa balbu ya indiketa ya gari, ile ya 12V 21W: unapima volti pale zinapoingia kwenye draiva bila balbu, unaweka balbu, unapima tena pamoja na karenti. Kwangu balbu ilivuta kama ampia 1.3 na volti zikashuka kama 0.65, yaani nusu om nzima. Nusu om inaonekana kitu kidogo ila kila ampia moja inakula nusu volti kabla haijafika popote.

Kabla ya kulaumu draiva hakikisha kweli ni volti. ESP32 ikiwa imeunganishwa na simu au laptop itaandika "Brownout detector was triggered", lakini mara nyingi ukichomeka USB tatizo linapotea, kwa sababu sasa ESP32 inakula volti 5 za laptop na haijali betri. Hiyo yenyewe ni dalili nzuri. Mimi nikaweka hii mwanzoni mwa kodi, na badala ya kuandika kwenye Serial unaweza kuwasha LED ili uone kigari kikiwa kinatembea:

```cpp
#include <esp_system.h>

void setup() {
  pinMode(2, OUTPUT);
  if (esp_reset_reason() == ESP_RST_BROWNOUT) {
    digitalWrite(2, HIGH);
  }
}
```

Angalizo, volti zikianguka mpaka chini kabisa chipu inasahau kila kitu na inakuambia ESP_RST_POWERON kana kwamba umeiwasha upya, kwa hiyo LED isipowaka haimaanishi betri haina kosa. Na kuna ule ujanja unasambazwa sana wa kuzima kilinzi cha volti kwa WRITE_PERI_REG(RTC_CNTL_BROWN_OUT_REG, 0), mimi siutaki, chipu inaendelea kukimbia na volti pungufu na siku ikiwa inaandika kwenye flash inaharibu data, hapo utatafuta kosa kwenye kodi mpaka uchoke.

Haya, L298N. Ni draiva ya transista za kizamani, inajilia yenyewe karibu volti 2 ukiwa kwenye ampia moja na zaidi ukiongeza karenti, ndo maana linachemka na kigari kinakuwa kizito. Lakini huo uroho wake unaisaidia betri bila kukusudia. Piga hesabu: mota mbili sambamba ni om 1.5, ongeza nusu om ya betri unapata 2, volti 7.4 toa 2.2 za draiva zinabaki 5.2, karenti ni ampia 2.6. Betri inashuka volti 1.3, unabaki na 6.1. LM2596 bado inamudu. Kwa hiyo kuwaka kutoka kusimama hakukuniletea shida, shida ilitokea mara mojamoja nikigeuza ghafla kutoka mbele kwenda nyuma, hasa waifai ikiwa inatuma.

Kugeuza ni mbaya kuliko kuwaka na sababu yake ni hii: mota ikizunguka inazalisha volti zake yenyewe zinazopingana na za betri, ndo maana ikishika kasi inakula kidogo. Ukigeuza ghafla, zile volti hazipingi tena, zinajumlishwa. Kwa sekunde chache za mwanzo, hata si sekunde, ni milisekunde, mota inaona volti za betri pamoja na zake.

Sasa weka TB6612FNG. Hii ni ya MOSFET, ukinzani wake ni kama nusu om tu kwa kila mota, haichemki, kigari kikawa na nguvu kweli, nikafurahi kama nusu saa hivi. Hesabu ya kuwaka: 1.5 ya mota, 0.25 ya draiva (mbili sambamba), 0.5 ya betri, jumla 2.25, karenti ampia 3.3, betri inashuka hadi kama 5.8. Hapo LM2596 inaanza kukosa pumzi ila inapita. Hesabu ya kugeuza: 7.4 jumlisha kama 6 za mota, gawanya 2.25, unapata karibu ampia 6. Betri inashuka volti 3 nzima, unabaki na 4.4. LM2596 ikila volti moja na kidogo inatoa kama 3.3, AMS1117 nayo ikila moja na kidogo ESP32 inapata kama 2.2, na kilinzi chake kinakata kwenye 2.43 hivi. Yaani si bahati mbaya, ni lazima irestati, na ilikuwa inarestati kila nikigeuza. Draiva yenyewe haina kosa lolote, imefanya kazi yake ya kutozuia karenti, na haina sehemu ya kuweka limiti. Halafu kila mota hapo inavuta ampia 3 na kilele cha TB6612 ni 3.2, kwa hiyo hata yenyewe iko ukingoni.

Kapasita nilijaribu, kila mtu anasema weka kapasita. Ya 1000 µF ukiivuta ampia 3 inashuka volti moja ndani ya theluthi moja ya milisekunde. Mota inahitaji makumi ya milisekunde kushika kasi. Iache ipo karibu na draiva, inasaidia kulainisha mikato ya PWM, lakini haitabeba mota ikiwaka.

DRV8833 inafanya kazi kuanzia volti 2.7 hadi 10.8 kwa hiyo betri mbili zinaingia vizuri. Kila mota ina pini ya kupima karenti, na volti kwenye rezista hiyo zikifika 0.2 draiva inakata, inaachia, inakata tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Limiti ni 0.2 gawanya kwa om za rezista: ukiweka 0.2 unapata ampia 1, ukiweka 0.33 unapata 0.6. Hapa ndo pa kuwa macho dukani, kuna bodi ambazo hizo pini zimepigwa moja kwa moja grandi, bei rahisi, chipu ni ileile lakini limiti haipo, unakuwa umenunua TB6612 nyingine. Geuza bodi uangalie rezista mbili zilizoandikwa R200. Usijaribu kuzipima kwa multimita ya kawaida, om 0.2 inafunikwa na ukinzani wa waya za multimita yenyewe.

Limiti nilichaguaje? Kigari kikitembea sakafuni kila mota inakula kama ampia 0.35, kikipanda mbao niliyoiegemeza inafika 0.7. Kwa hiyo ampia 1 inatosha na ziada. Upande wa betri, mbaya kabisa ni ampia 2 za mota zote, volti 1 inapotea, nabaki na 6.4, na betri zikichoka hadi 6.6 nabaki na 5.6, bado inapita. Kiuhalisia betri inatoa pungufu ya hapo kwa sababu draiva muda mwingine imekata. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kuanza imepungua, zamani kila mota ilipata ampia 1.65 ikiwaka sasa inapata 1, kama asilimia 60, na kwenye zulia zito unaona kigari kinavuta polepole kabla ya kuchanganya. Ukiweka limiti chini ya kile mota inachohitaji kupanda utasikia inanguruma tu haiendi, hapo usiongeze PWM, badilisha rezista.

Kwenye kodi nimebakiza kitu kimoja, kabla ya kugeuza naweka pini zote mbili za mota HIGH kwa milisekunde 150 hivi, hiyo ni breki, karenti inazunguka ndani ya mota na draiva na betri haitoi kitu. Breki haipiti kwenye rezista ya kupima kwa hiyo limiti haiioni, kwangu ni 6 gawanya 3.36, ampia 1.8, inavumilika. Mota yako ikiwa na om 1.5 hiyo breki itafika 3 na zaidi na draiva inaweza kujizima kwa ulinzi, kwa mota za hivyo DRV8833 ni ndogo, tafuta kubwa zaidi yenye limiti. DRV8871 kwa mfano inawekwa limiti kwa rezista moja tu, 64 gawanya kwa kilo-om, ila inajizima betri zikishuka kwenye volti 6.1 hivi, kwa hiyo inataka betri tatu.