Suez au Rasi ya Tumaini Jema: njia ipi nafuu?
Singapore hadi Rotterdam ni takriban maili 8,300 za baharini kupitia Suez, 11,800 kupitia Rasi. Chukua meli inayokwenda maili 14 kwa saa, yaani 336 kwa siku, ikila tani 30 za mafuta kila siku. Kwa Suez itatembea siku 25 na kula tani 740. Ongeza siku 2 za foleni na kuvuka. Kwa Rasi ni siku 35 na tani 1,050, bila ushuru wa mfereji.

Usidhani utafidia kwa kasi: mafuta ya siku hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo maili 18 kwa saa hula maradufu na zaidi.

Mzigo ukisubiriwa kwa haraka, Suez. Ushuru ukizidi bei ya tani 310 pamoja na gharama ya kukodi meli kwa siku 8, Rasi.