Programu ya kuandika noti za kliniki imemsemea mgonjwa wangu maneno ambayo hakusema

Nina hasira bado, nisameheni kama naandika kwa fujo. Mimi ni mwanasaikolojia na nimekua natumia moja ya hizi programu za akili mnemba zinazosikiliza mazungumzo yako na mgonjwa halafu zinakuandikia noti. Ina uwezo gani na gani sielezi, hayo wenyewe wameshayatangaza vya kutosha. Naongelea noti moja tu.

Kuna mtu (nimebadilisha vitu asitambulike) nilimuuliza kama huwa anapata mawazo ya kujiua. Akanyamaza. Kimya kirefu, kile ambacho ukishaizoea hii kazi unajua hukikatizi, unasubiri tu. Mwishoni akasema "sijui", tukaendelea taratibu kuanzia hapo. Baadaye nafungua noti niisome kabla sijasaini, nakuta: "Anakanusha mawazo ya kujiua. Ana msaada mzuri wa familia." Jamani! Hakukanusha chochote na familia haikutajwa kabisa. Sasa fikiria daktari mwingine anaipokea hiyo noti usiku, anasoma "anakanusha", anaamua huyu hahitaji kuangaliwa kwa karibu, na chini pale kuna sahihi yangu.

Hii kitu ina sababu zake. Kazi inapita hatua mbili, kwanza sauti inageuzwa maandishi, halafu mfumo mwingine unayafupisha kuwa noti yenye sehemu zake, na mojawapo ni ya hatari ya kujiua. Hatua zote mbili zinabashiri maneno yanayoelekea kufuata. Mwaka 2024 watafiti waliupima mfumo wa Whisper wa kugeuza sauti kuwa maandishi wakakuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vimeongezewa sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na ilitokea zaidi kwa watu wenye afasia, yaani shida ya lugha inayotokana na kuumia ubongo, ambao husitasita na kukaa kimya katikati ya maongezi. Sisemi hii yangu inatumia huo, niliwauliza hawakunijibu. Ila kwenye tiba ya mazungumzo kimya ndo kazi yenyewe! Na ile hatua ya pili ikikuta sehemu ya hatari haina kitu inaweza kuijaza na kilichozoeleka kwenye noti nyingi, na kilichozoeleka ni "anakanusha".

Nikataka kusikiliza sauti nijue kosa liliingilia wapi. Haipo. Inafutwa noti ikishatengenezwa tu, na maandishi yake pia. Hapo niwe mkweli, kufuta ni sawa, mimi mwenyewe huwa namwahidi mgonjwa kwamba sauti yake haibaki. Lakini wangeitunza imefungwa kwa siri mpaka nisaini, ndipo ifutwe, wagonjwa wangelindwa na mimi ningeweza kuhakiki. Kwa sasa sina ushahidi zaidi ya kumbukumbu yangu, na mtu mwenye wagonjwa wengi kwa siku atakumbuka nini?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikauliza pia kama kuna nakala inabaki kwa ajili ya kufundishia mfumo wao. Jibu lao: "Usiwe na wasiwasi, data zetu hazina majina." Yaani ndo nilipowaka kabisa. Sheria ya Marekani ya faragha ya afya, HIPAA, imeorodhesha vitambulisho 18 vya kuondolewa ili data isimtambulishe mtu, jina ni kimoja tu, na alama ya sauti imo humo humo. Ya Ulaya, GDPR, inasema data uliyobadilisha jina lakini bado inaweza kumrudia mwenyewe ni data binafsi vilevile. Na hata ukifuta vyote, mtu akishasimulia nani alimuumiza, lini, na nani alikua chumba cha pili, jirani yake akisoma atamjua hapohapo.

Halafu kuna kitufe cha kugeuza noti ziwe rasimu ya makala ya utafiti! Mgonjwa alikubali nimtibu na nirekodi, kuchapishwa hakuulizwa, hiyo ni ridhaa nyingine kabisa. Na lile "anakanusha" la uongo lingeingia kwenye jarida kama matokeo. Wahariri wa majarida ya tiba, wale wa ICMJE, wanataka useme wazi ulipotumia akili mnemba, sawa, ila kusema umeitumia hakurekebishi noti iliyoharibika tangu kliniki.

Nilitaka kutoa nyota tatu kwa sababu kwa kweli imenirudishia macho, namwangalia mtu anapoongea badala ya kuinamia karatasi, na kwa mahojiano ya kawaida ya historia inaandika vizuri tu. Lakini kila nikikumbuka ile sentensi nashuka. Naacha moja. Sehemu ya hatari ya kujiua naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hawa wasiponijibu kuhusu nakala sirekodi mtu tena.