Mayai "ya leo leo": sijui nitoe nyota moja au nne

Kama una shughuli kesho na unahitaji mayai ya kuchemsha yaliyomenywa mazima, usiagize kwa huyu bwana anayeleta kwa bodaboda moja kwa moja kutoka bandani. Bei siizungumzii, kila mtu anaijua, na kufika alifika kwa wakati. Ninachozungumzia ni trei tatu, mayai tisini, ya kuweka juu ya biriani, na jinsi yalivyonitoa jasho kuanzia alfajiri.

Trei ya kwanza nilichemsha nilivyozoea: mayai kwenye sufuria, maji ya baridi juu yake, moto. Kumenya sasa. Ganda linatoka vipande vidogo kama kucha, na kila kipande kinaondoka na mnofu wa yai. Yai linabaki na mashimo, mengine kiini kinachungulia kabisa. Kati ya mayai 30, yaliyofaa kuonekana na mgeni yalikuwa saba.

Nikampigia. Nilitegemea walau pole. Akanijibu, "Dada, mayai yangu hayana tatizo. Wewe umezoea mayai ya zamani, haya yametagwa jana jioni." Akakata simu. Mimi napika shughuli miaka yote hii halafu naambiwa nimezoea mayai ya zamani! Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya dereva wa boda tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Ndani ya ganda kuna tando mbili. Ya nje imeshikana na ganda, ya ndani imekumbatia ute. Ukimenya yai vizuri, unachotaka ni ute uachane na utando wa ndani, kisha ganda na tando zake zote vitoke pamoja. Yai bichi lililotagwa jana lina hewa ya ukaa nyingi imeyeyuka kwenye ute, hewa ileile iliyo kwenye soda. Hewa hiyo ndani ya ute inakuwa tindikali kidogo, kwa hiyo ute wa yai jipya una pH ya chini, 7.6 hivi; pH ni kipimo kinachopanda tindikali ikipungua. Ute wa namna hiyo ukiiva unashikamana na utando wa ndani kuliko unavyojishika wenyewe. Ukivuta ganda, kinachokatika ni ute.

Ganda lina vitundu vidogo maelfu. Yai likikaa, hewa ya ukaa inavujia humo taratibu, kama soda iliyoachwa wazi inavyoisha gesi. Tindikali inapungua na pH inapanda hadi 9 na zaidi. Ikishapita 8.7 au 8.8 hivi, ute ukiiva haushiki tena utando kwa nguvu hiyo, na ganda linatoka kwa vipande vikubwa. Maji nayo yanapungua kupitia vitundu hivyohivyo, kwa hiyo mfuko wa hewa ulio upande butu wa yai unakua, na unapata mahali pa kuingiza kidole gumba. Mfuko huo unasaidia kuanza tu. Kinacholegeza ganda zima ni kuondoka kwa ile hewa ya ukaa.

Mapya utayajua hata kabla ya kuyachemsha. Zima taa, shika yai upande butu juu, washa tochi ya simu kwa nyuma. Yai la jana lina mfuko wa hewa mdogo sana, kina chake milimita 3 au chini ya hapo. Au litumbukize kwenye bakuli la maji: jipya linalala chali chini kabisa, lililokaa wiki moja au mbili linainua upande butu, na linaloelea juu usilipike. Ukilipasua kwenye sahani, ute wa yai jipya unakuwa na ukungu ukungu mweupe. Watu wanaudhania ubovu, kumbe ni hiyo hewa ya ukaa bado imo. Ute ukiwa mwangavu kabisa, hewa imeshatoka. Ningefanya kipimo kimojawapo kati ya hivi asubuhi ile, nisingegombana na mtu.

Lakini turudi jikoni, maana mayai 60 yalikuwa yamebaki na biriani haisubiri.

Kwa yai jipya, maji ya baridi ndiyo kosa kubwa. Yakipata moto polepole, ute unaiva polepole na unapata muda wa kujibandika kwenye utando. Ukilitumbukiza yai kwenye maji yanayochemka, ute wa nje unaganda ghafla na kujikunja ndani kabla haujashikana vizuri. Hilo nilikuwa nalijua, nikasema trei ya pili naipeleka kwenye maji ya moto. Nikapata kumi na mawili mazuri. Mengine yaleyale.

Kosa la trei ya pili lilikuwa langu, nakiri. Mayai 30 kwa mkupuo mmoja kwenye sufuria yenye lita nne za maji: maji yakanyamaza kimya, yakakaa dakika kadhaa bila kuchemka tena. Hapo ni sawasawa na kuanza na maji ya baridi. Maji ya moto yanasaidia yakibaki ya moto tu.

Trei ya tatu nikaigawa mara tatu, mayai kumi kumi. Lita nne za maji zikichemka kwa nguvu, mayai nayashusha kwa upawa taratibu ili yasipasuke, yakiwa ya joto la kawaida, si ya kutoka kwenye friji. Yakirudi kuchemka napunguza moto kidogo na kuhesabu dakika 11. Nikiyatoa, moja kwa moja kwenye beseni la maji na barafu, si maji ya bomba ya Dar ambayo yenyewe ni vuguvugu. Dakika 15 humo, mpaka katikati pia papoe. Kisha nagonga upande butu kwanza, naviringisha yai juu ya meza mpaka ganda lote liwe na nyufa, namenya ndani ya maji ili maji yapenye chini ya utando. Hapo nikapata 24 kati ya 30. Matano yalichunika kidogo, moja lilipasuka kwenye sufuria.

Kwa hiyo njia inasaidia sana, lakini haimalizi kwa dakika 11 kazi inayofanywa na yai kukaa siku sita. Ukiwa na sufuria ya mvuke unaweza kutumia hiyo badala yake: maji ya vidole viwili yakishachemka, mayai kwenye kichujio cha chuma juu yake, kifuniko, dakika 12 au 13. Mvuke ni moto tangu mwanzo na haupoi kwa sababu umeongeza mayai, ndiyo maana kwa mayai mengi naupenda kuliko maji.

Na mnaonitumia ushauri wa siki, tafadhali. Siki ni tindikali, na tindikali ndiyo iliyotufikisha hapa. Inakula ganda kwa nje na kutoa mapovu, ute wala haupati habari. Chumvi inasaidia ute ugande haraka yai likipasuka, basi. Magadi kidogo kwenye maji angalau yana hoja, kwa kuwa yanapandisha pH, lakini yana dakika kumi tu za kupenya ganda na tando mbili. Mimi sijaona tofauti ya kunifanya niyanunue kwa kazi hiyo, na yakizidi mayai yanatoa harufu.

Yaliyopungua siku ile nilinunua trei kwenye duka la mtaani, imekaa juu ya rafu haijulikani tangu lini, ina vumbi. Nikayapima kwenye maji, yote yakainua upande butu, hakuna lililoelea. Nikachemsha vilevile kumi kumi. Yalimenyeka kama mtu anavua koti. Hasira yangu ikapanda upya, kwamba nimelipa zaidi kupata mayai mapya na yaliyoniokoa ni ya vumbi.

Sasa, uadilifu unanilazimu niseme jambo jingine. Yale ya dukani, machache niliyakata nusu kwa nusu kwa ajili ya sahani ya pembeni. Viini vingi vimehamia ubavuni, upande butu una bonde kwa sababu ya mfuko mkubwa wa hewa, na yaliyozidi dakika kwenye moto yana duara la kijani kuzunguka kiini. Duara hilo ni chuma cha kiini na salfa ya ute vimekutana, na ute uliopanda pH unalileta upesi zaidi. Mayai ya huyu bwana, yale machache yaliyotoka mazima, yalikuwa na kiini katikati kabisa, rangi imetulia. Na mabichi yake ukiyakaanga yanasimama kwenye kikaango bila kutawanyika. Kwa kukaanga sijapata mengine kama hayo.

Basi baada ya hasira kupoa nikaagiza trei nyingine kwake, kimyakimya, kwa namba ya mdogo wangu. Sikuyaosha, maana ukiosha unaondoa ule utando mwembamba wa juu unaozuia vijidudu, na hayakukaa kwenye friji. Niliyaweka kwenye kabati lisilopigwa jua, upande butu juu. Kwa joto letu hewa ya ukaa inatoka haraka. Kwenye friji yangetaka wiki moja na zaidi. Siku ya sita nikachemsha, kumi kumi, barafu dakika 15. Mazima 28 kati ya 30, viini bado katikati. Ni yale yale ya bwana yule yule.

Kwa hiyo nashindwa kusema ni huduma mbaya. Alichoahidi ndicho alicholeta: mayai ya jana, hayajapasuka, mazuri kuliko ya dukani. Lakini mtu anayeuza mayai anajua wateja wake wanayatumiaje, na nilipoagiza nilimwambia waziwazi ni ya kuchemsha kwa shughuli ya kesho. Neno moja tu, "dada, haya yatakusumbua kumenya, chukua ya wiki iliyopita," lingetosha. Akanyamaza, halafu akanikatia simu.

Ukiagiza kwake kwa chapati za mayai au kukaanga, nyota tano na usisite. Kwa kuchemsha, agiza wiki moja kabla. Mimi nampa tatu. Nilikuwa nimeandika nne, nikaikumbuka ile simu.