120Hz kwenye simu ya bei ya kati, inavyokula chaji na kwa nini yangu iko 60

Simu yangu ni hizi za bei ya kati, betri 5000mAh, kioo LCD sio amoledi, na boksi limeandikwa 120Hz kwa maandishi makubwa kuliko jina la simu yenyewe. Nimeitumia hapa Mwanza muda wa kutosha na nasema mapema, mchana naiweka 60. Sio kwamba 120 ni uongo, ukiskroli unaona kabisa inateleza, ila kwa kazi zangu inakula chaji na hainipi kitu.

Kinacholiwa ni nini hasa. Kwenye 60 kioo kinachorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwenye 120 mara 120, na sio kioo tu kinachohangaika maana kitu kikiwa kinatembea pale kwenye skrini chipu nayo inatakiwa iandae kila picha mpya. Kwenye 60 inapewa milisekunde 16 na ushee kuandaa picha moja, kwenye 120 inapewa 8 tu, kwa hiyo inakimbia zaidi na inapata moto. Taa ya nyuma ya kioo yenyewe haijali, inawaka vilevile, na hiyo taa ndio mlaji mkubwa kwenye LCD, likumbuke hilo.

Nilipima hivi: niko ndani, mwanga wa skrini nusu, waifai, naskroli Instagram saa nzima bila kusimama (kazi ya kuchosha jamani msiione hivi hivi). 60 ikala asilimia 8, 120 ikala 11. Tofauti ya 3 unaweza kuidharau lakini kwenye betri ya 5000 hiyo ni 150mAh kila saa, ukiwa mtu wa kuskroli masaa manne kwa siku ni 600mAh, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya betri imeenda kwenye kuteleza tu.

Sasa nikaenda nayo mwaloni Kirumba, jua la saa saba, mwanga umepanda hadi mwisho la sivyo huoni hata namba ya mteja. Hapo 60 ikala 15 kwa saa na 120 ikala 16, yaani karibu sawa, na mwanzoni sikuelewa mpaka nikawasha ile namba ya kuonyesha kioo kinakimbia ngapi. Kumbe simu ikishapata joto inajishusha yenyewe hadi 60 wakati seting bado inasema 120! Kwa hiyo kwenye jua unabaki na simu ya moto halafu ulaini wenyewe huupati.

Hiyo namba ukitaka kuiona kwenye Android nyingi za sasa, nenda About phone, gusa Build number mara 7, kisha ingia Developer options uwashe Show refresh rate. Inakaa pembeni ya skrini. Acha kugusa simu uitazame: ukiwa umechagua Auto inatakiwa ishuke baada ya muda mfupi, yangu inashuka hadi 60 na haiendi chini ya hapo. Simu za bei kubwa zenye kioo cha LTPO zinaweza kushuka mpaka 1Hz ukiwa unasoma tu, ndio maana mwenye simu hiyo akikwambia 120 haili chaji hadanganyi, ila kioo chake sio chako. Na kama umechagua 120 ya moja kwa moja badala ya Auto utaiona imeganda 120 hata ukiwa unaangalia picha moja ya sangara.

Video ndio kabisa. Mpira unaostrimu au klipu za YouTube nyingi ni picha 25 au 30 kwa sekunde, chache zinafika 60, kioo kikichora mara 120 kinarudia picha zilezile tu. Bodaboda mwenye ramani imewashwa kutwa kuanzia Nyegezi hadi Igoma, naye 60, maana ramani inatembea muda wote na simu iko juani kwenye usukani. Mtu anayepanda meli kwenda Nansio na anajua atafika jioni akiwa anahitaji kupiga simu, 60. Ukiwasha kiokoa betri simu nyingi zinashusha zenyewe, ila kinabana na vingine kama meseji za WhatsApp kuchelewa, mimi naona heri kushusha kioo peke yake.

120 naipandisha usiku nikiwa kitandani na chaja iko karibu, au kwenye gemu linaloikubali kweli, maana mengine hata ukiweka 120 namba inakwambia 60.

Mdogo wangu amezoea 120, nilipomshushia akasema simu imekuwa nzito kama imejaa. Yeye nimemuwekea 90, hajalalamika tena.