Uzoefu wangu: mashine ya kukaushia mboga nimeitumia kuoka tepu ya rili iliyokuwa inanata

Wadau habari za leo, hii mashine wengi mnaijua kwa kukaushia maembe na mlenda, mimi naandika kwa matumizi mengine kabisa maana niliinunua kwa ajili ya tepu za rili, zile kubwa za zamani za studio. Ni ile ya boksi yenye mlango mbele na feni nyuma, trei zinachomoka moja moja, siyo ile ya duara yenye tundu katikati, ile ya duara lazima ukate trei ndo rili ikae, sasa ukishakata mke hakuelewi.

Tepu yenyewe ni ya kwaya ya mjomba, imerekodiwa 1982, Ampex 456 ya robo inchi kwenye rili ya inchi 7. Imekaa Tanga miaka mingi ndo ikaletwa huku Dodoma. Mnaijua Tanga na unyevu wake. Hizi tepu zenye mgongo mweusi usiong'aa za miaka ya sabini na themanini, hasa Ampex 406 na 456 na Scotch 226, gundi inayoshika ule unga wa sumaku inanyonya maji ya hewani inaoza taratibu mpaka inakuwa kama utomvu. Ukiiweka kwenye deki inapiga kelele, inaacha uchafu wa kahawia kwenye hedi, muziki unavutika, na mwisho deki inakwama kabisa. Uchafu ule ndo sauti yenyewe inabanduka, kwahiyo tepu ya aina hii usiijaribu kwenye deki "tusikie kidogo tu". Na usiiwinde, yaani kuizungusha toka rili moja kwenda nyingine, kwa kasi hata kidogo, tabaka la juu linaweza kung'oa unga wa tabaka la chini ukabaki na plastiki tupu inayoonyesha upande wa pili.

Mimi huwa napima hivi: nashika rili mkononi nalegeza mwisho wa tepu, halafu naizungusha rili polepole sana. Tepu isiyo na ugonjwa inadondoka yenyewe inaning'inia. Hii ya mjomba haikudondoka, ilikuwa inafuatana na rili juu kama imelambishwa halafu ndo inaachia kwa mkwaruzo mdogo unausikia kabisa. Nikaacha hapo hapo.

Kabla ya joto kuna kitu kimoja cha lazima. Inua rili usawa wa dirisha uangalie mwanga kupitia ubavu wa tepu iliyojikunja. Ukiona mwanga unapenya, hiyo ni tepu ya asetati ya zamani zaidi, USIIOKE, joto litaikunja na kuikausha ivunjike, nyingine unakuta inanuka siki tayari. Ikiwa giza tupu ni poliesta, na kama ina huo mgongo mweusi na inanata basi ndo mgonjwa wa dawa hii.

Sasa tuje kwenye mashine. Joto tunalotaka ni nyuzi 54 hivi, kwa tepu ya robo inchi masaa 8. Jiko la gesi hapana, oveni ya kawaida hapana maana inaruka juu chini, maikrowevu ndo kabisa usithubutu. Hii mashine inaandika 55 kwenye kioo, lakini nilipoingiza kipimajoto changu chenye waya, kihisio nikakiweka palepale rili itakapokaa, mashine ikiwa tupu, kikapanda mpaka 61! Yaani ukiamini kioo unapika. Nikashusha mpaka kioo kikasoma 48, ndani ikatulia kati ya 53 na 54, nikaiacha muda mrefu nikichungulia kama haipandi, ndo nikaingiza tepu. Hapa ndo nyota moja imekatwa. Kwa mlenda nyuzi 6 si kitu, kwa rekodi iliyobaki moja tu duniani ni kitu.

Rili nimeilaza kwenye trei, trei za juu na chini yake nimezitoa hewa ipite, na nikaisogeza mbele karibu na mlango kwasababu mota ya feni iko nyuma na mota ina sumaku, sipendi kabisa sumaku jirani na tepu. Ilipofika nusu ya muda nikaigeuza upande wa pili. Umeme ukakatika kati hapo (Dodoma oyee), na kasoro ya pili ya mashine ni kwamba umeme ukirudi haijiwashi, inakusubiri wewe. Haina madhara kwa tepu, ilipoa taratibu mlango ukiwa umefungwa, umeme uliporudi nikasubiri ndani ifike tena 54 ndo nikaendelea kuhesabu masaa yaliyobaki.

Muda ukiisha zima na usiguse. Acha mlango umefungwa ipoe yenyewe, mimi naipa muda uleule iliookwa, kwahiyo kama umeoka mchana iache ilale humo. Ikiwa bado ya moto gundi ni laini na tepu imetanuka imejibana, ukiivuta hapo unaiharibu wewe mwenyewe.

Kesho yake kipimo kilekile cha kuning'iniza, ikadondoka yenyewe safi. Hata hivyo sikuipeleka kwenye deki moja kwa moja. Nina ubao wenye spindo mbili na mkono wa kuzungushia, seremala mmoja wa Majengo alinitengenezea, nikaiwinda kwa mkono yote mpaka mwisho na kurudi, polepole, mvuto uleule mwanzo mwisho, huku tepu inapita katikati ya kitambaa laini kisichoacha nyuzi nimekishika kwa kugusa tu bila kubana. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai hafifu mwanzoni mwa tepu, baadaye kikawa cheupe. Kama kingeendelea kutoka cheusi cheusi ningeirudisha kuoka tena, inaruhusiwa. Angalia pia uso wa rili ukimaliza uwe bapa kama sahani, ukiona mistari ya tepu imechomoza pembeni iwinde upya, kingo hizo ndo zinajikunja zikibanwa.

Nikasafisha hedi, nikaipiga spidi ya inchi 7 na nusu kwa sekunde, futi 1200 ni dakika 32 hivi, nikirekodi WAV kwenye kompyuta kuanzia sekunde ya kwanza. Hakuna kelele, hedi mwishoni zilikuwa na vumbi kidogo tu. Soprano zimetoka kali, mjomba aliomba iende kwenye simu yake hapohapo.

Mjue kuoka hakuponyeshi tepu, gundi itanyonya unyevu tena, una wiki kadhaa pengine miezi, hata huku kwetu kukavu kiangazi. Kwahiyo oka ukiwa na deki tayari. Na kuna tepu zinapiga kelele sababu zimeishiwa kilainishi, hazina mgongo mweusi na hazinati, hizo joto halizisaidii, msiilaumu mashine.

Mashine naipa nyota 4. Bei ilikuwa laki na nusu na ushee, kipimajoto nunua pembeni. Wenye rili za inchi 10 na nusu pimeni trei kwanza, kwenye hii yangu haiingii.